Kabla ya Kubadilisha Miwani, Sogezeni Taa

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu yumo mzee aliyepunguza kusoma bila ya mtu kutambua. Zamani alikuwa akikaa na msahafu baina ya Magharibi na Isha, akasoma robo ya juzuu kwa utulivu. Siku hizi husoma ukurasa mmoja, akaufunga na kusema kwamba macho yamechoka. Watoto wake, kwa kumwonea huruma, humnunulia miwani yenye namba kubwa zaidi. Wiki ya kwanza huonekana kama imemfaa. Wiki ya tatu miwani imo mtoto wa meza pamoja na nyingine mbili za zamani, na mzee amerejea kusikiliza kisomo kwenye redio.

Kusikiliza ni jambo la heri, lakini aliyezoea kusoma mwenyewe huona kwamba kuna kitu kimemtoka. Tena shida haiishii kwenye msahafu. Macho hayohayo ndiyo yanayosoma maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa ya presha au ya kisukari, na hapo kosa la namba moja ni jambo zito. Kwa hivyo yafaa tuulize swali ambalo mara nyingi hurukwa: je, kilichopungua ni nguvu ya miwani, au ni nuru inayoufikia ukurasa?

Jicho la ujana na jicho la uzee

Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra katika karne ya 10 na kufanya kazi kubwa ya maisha yake Misri, aliandika katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi miale ya kwenda kukigusa kitu, kama walivyodhani wengi kabla yake. Kuona hutokea pale nuru inapotoka kwenye kitu na kuingia ndani ya jicho. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa maneno yetu yote yanayofuata. Pasipo na nuru ya kutosha inayoingia, hakuna miwani itakayoiongeza, kwa sababu kazi ya miwani ni kuikusanya nuru mahali panapofaa na si kuizalisha.

Sasa jicho la mzee huingiza nuru kidogo kuliko la kijana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mboni, ile tundu nyeusi iliyo katikati ya jicho. Kwa kijana, mboni hupanuka sana gizani ili kupokea nuru nyingi. Kadiri miaka inavyokwenda, misuli inayoipanua hulegea, na mboni hubaki ndogo hata chumba kinapokuwa na giza. Ya pili ni lenzi iliyo nyuma ya mboni. Utotoni huwa safi kama maji. Uzeeni huanza kuwa nzito na kugeuka rangi ya manjano, ikazuia sehemu ya nuru isipite. Mambo haya mawili yakikutana, jicho la mtu wa miaka 60 hupokea ndani yake takriban thuluthi moja tu ya nuru ambayo jicho la miaka 20 lingeipokea mahali palepale.

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea. Anayeamua kama chumba kina mwangaza wa kutosha huwa ni kijana wa nyumba. Hutazama juu, akaona taa inawaka, akashika kitabu na kukisoma bila taabu, kisha akasema, "Bibi, mwangaza upo." Kwake yeye upo kweli. Bibi, aliyeketi mkeka mmoja naye, yumo katika chumba chenye giza mara tatu zaidi.

Na maandishi ya Kiarabu yana udogo wake wa pekee. Tofauti ya ba, ta na tha ni nukta tu. Tofauti ya fat-ha na kasra ni mstari mmoja mfupi, juu ya herufi au chini yake. Nuru ikipungua, umbo kubwa la herufi hubaki likionekana, lakini nukta na irabu ndizo zinazopotea mwanzo. Msomaji mwenye kuhifadhi hujaza kwa kumbukumbu pale asipopaona, na kwa hivyo anaweza kupita miezi bila ya yeyote kujua kwamba hazioni. Dalili moja ni kwamba sura fupi alizozizoea huzisoma vyema, ilhali sura asizozisoma mara kwa mara humkwamisha. Misahafu yenye herufi za rangi za kufundishia tajwidi humtaabisha zaidi, kwa kuwa kijani au samawati juu ya karatasi ya rangi ya maziwa haitengani na karatasi kama wino mweusi unavyotengana na karatasi nyeupe.

Namba ya miwani ina masharti yake

Miwani ya kusomea ina namba iliyoandikwa mkononi mwake, kama vile +1.50 au +2.50. Wengi hudhani kwamba namba ikiwa kubwa, kuona kutakuwa kuzuri zaidi, kama vile sukari ikizidi chai huwa tamu zaidi. Sivyo ilivyo. Namba hiyo huamua umbali ambao kitabu kinapaswa kukaa. Kwa mzee ambaye macho yake huona mbali vizuri bila ya miwani, na ambaye lenzi zake zimekwisha kukakamaa, hesabu ni nyepesi: gawanya 100 kwa namba ya miwani, upate umbali kwa sentimita.

Miwani ya +2.50 hutaka kitabu kiwe sentimita 40 kutoka machoni, umbali wa raha kwa aliyeketi. Miwani ya +3.50 hutaka kitabu kisogee hadi kiasi cha sentimita 29. Ya +4.00 hutaka sentimita 25, ambayo ni shubiri moja na kidogo. Kila namba inapopanda, kitabu husogea puani, na ile nafasi ambayo herufi huonekana safi huwa nyembamba. Ukisogeza kichwa mbele au nyuma kidogo tu, maandishi hufifia.

Ni kweli kwamba kitabu kikisogea karibu, herufi huonekana kubwa, na hiyo ndiyo nafuu ya wiki ya kwanza. Lakini gharama yake huja baadaye. Mzee huinama hadi shingo ikamuuma. Na akiinama chini ya taa ya dari, kichwa chake na mtandio wake huingia baina ya taa na ukurasa, kikaangusha kivuli juu ya maneno yaleyale anayoyatafuta. Miwani iliyokusudiwa kumsaidia imempunguzia nuru, naye nuru ndiyo aliyokuwa akiikosa tangu mwanzo.

Nuru ya kutosha hufanya kinyume cha hayo. Inapoingia jichoni, mboni hujifinya, na mboni iliyojifinya huona safi katika masafa mapana zaidi, kama mtu anayechungulia kwenye tundu dogo la karatasi akaona herufi zimekaza. Ndiyo maana mzee anayeshindwa kusoma usiku kwa miwani ya +2.50 anaweza kusoma kwa miwani hiyohiyo akiwa barazani mchana, na wala asihangaike kupima umbali wa kitabu.

Jaribio la wakati wa dhuha

Kabla ya kwenda dukani, fanyeni jaribio hili ambalo halina gharama. Wakati wa dhuha, kiasi cha saa nne asubuhi, mketisheni mzee barazani au ukumbini mwa uani, penye kivuli kilicho wazi, pasipo na jua la moja kwa moja. Avae miwani yake ya sasa, iliyosafishwa vyema, ashike msahafu uleule anaousoma usiku, na afungue mahali asipopahifadhi. Asome mistari mitano kwa macho yote mawili, kisha kwa jicho moja moja huku jingine limefunikwa kwa kiganja.

Akisoma kwa wepesi, miwani yake haina kasoro kubwa. Chumba chake ndicho chenye upungufu. Akikwama hata hapo, au jicho moja likiwa dhaifu sana kuliko jingine, basi taa haitatosha, na safari ya kwanza iwe kwa mtaalamu wa macho. Chukueni pia miwani mkaigeuzegeuze kwenye mwangaza: miwani iliyojaa mikwaruzo hutawanya nuru na kuufanya ukurasa uonekane kama una ukungu, na hiyo ibadilishwe kwa namba ileile.

Chumba kimoja, hesabu moja

Tuchukue mfano wa chumba cha nyumba ya mawe katika Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu. Nyumba hizi zilijengwa kwa kuta nene za matumbawe na madirisha machache, ili joto na macho ya wapita njia yabaki nje. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ni vyumba vya ubaridi na vya stara, lakini hata adhuhuri ndani huwa na kiza.

Bibi wa miaka 72 huketi mkekani baada ya Magharibi, msahafu ukiwa juu ya marufaa. Balbu moja ya LED ya wati 9 imening'inia kutoka kwenye boriti, mita 2 juu ya ukurasa. Balbu ya namna hiyo hutoa kiasi cha lumeni 800, na kwenye boksi lake huandikwa 800 lm. Lumeni ndicho kipimo cha nuru inayotoka; wati ni kipimo cha umeme unaoliwa. Balbu si mbovu. Kosa ni umbali.

Nuru hutawanyika kila inapokwenda. Taa ikiwa mbali mara mbili, ukurasa haupokei nusu ya nuru bali robo yake. Ikiwa mbali mara nne, hupokea sehemu moja ya 16. Kwa hivyo tukiichukua balbu ileile ya wati 9 na kuishusha kutoka mita 2 hadi nusu mita, ukurasa utapokea kutoka kwake nuru mara 16, na hatujanunua balbu yenye nguvu zaidi.

Tena hatuhitaji kuishusha. Tuiache ya dari ilipo, na tumwekee bibi taa ndogo ya mezani yenye balbu ya wati 5, ambayo hutoa kiasi cha lumeni 400, yaani nusu ya ile. Ikikaa nusu mita kutoka kwenye ukurasa, itaupa nuru mara 8 ya ile inayotoka moja kwa moja kwenye balbu kubwa ya dari. Tulisema kwamba jicho lake hupokea thuluthi ya linachopokea jicho la mjukuu wake, kwa hivyo alihitaji angalau mara tatu ili kulingana naye. Sasa amepata mara tatu hiyo na ziada. Kwa saa tatu kila usiku, taa hii haifikishi nusu ya uniti ya umeme kwa mwezi mzima.

Miwani yake ya +3.50 iwekwe kando, arejee kwenye ile ya +2.50. Na kwa kuwa miwani hiyo hutaka sentimita 40, marufaa ipandishwe juu ya kistuli kipana au meza fupi, hadi aweze kusoma huku mgongo umenyooka. Hapo kichwa chake kimeondoka kwenye njia ya nuru, na shingo imepumzika.

Taa ikae wapi

Kipimo cha nusu mita hakihitaji futi. Wazee wetu walipima kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, nayo haifiki mbali na hapo. Taa ikae ubavuni mwa msomaji, mbele kidogo ya bega, dhiraa moja kutoka ukurasani. Upande ni ule ambao jicho lake ni zima zaidi. Kama anaandika pia, ikae upande usio na mkono wa kuandikia, ili mkono usifunike maneno.

Taa iwe na kofia, na ukingo wa chini wa kofia ulingane na jicho la aliyeketi au uwe chini yake kidogo. Kanuni ni kwamba nuru iuone ukurasa na jicho lisiione balbu. Jicho la mzee likipigwa na balbu tupu, nuru hutawanyika ndani ya lenzi iliyozeeka, na ukurasa wote hufunikwa na weupe. Kwa sababu hiyo taa isiwekwe mbele yake kabisa. Isiwekwe pia nyuma ya kichwa, kama wanavyofanya wanaoipachika kwenye kidaka cha ukutani kisha mzee akauegemea ukuta huohuo. Kivuli chake mwenyewe ndicho atakachokisoma.

Karatasi za misahafu mingi zina mng'aro, na mng'aro huo hurudisha nuru kama kioo. Kuna njia rahisi ya kuujua. Baada ya msahafu kuondolewa, lazeni kioo kidogo cha mkononi juu ya marufaa, mahali ukurasa ulipokuwa, na mzee akitazame akiwa ameketi kama kawaida yake. Akiiona balbu ndani ya kioo, nuru ileile ingeruka kutoka ukurasani hadi machoni mwake. Isogezeni taa pembeni kidogo kidogo mpaka balbu itoweke kiooni. Hapo ndipo mahali pake.

Taa ya dari isizimwe wakati wa kusoma. Jicho la mzee huchelewa kuzoea linapotoka penye nuru kwenda kizani, na akiinua uso kutoka ukurasa mweupe hadi chumba cheusi huweza kujikwaa anapoinuka kwenda kutawadha. Waya wa taa nao upite kandokando ya ukuta, usivuke mkeka, wala kofia ya taa isigusane na chandarua. Kuta zikipakwa chokaa nyeupe huisaidia taa bila ya gharama ya umeme, kwa sababu nuru inayozipiga hurudi chumbani.

Kuhusu rangi, boksi la balbu huandika namba yenye herufi K. Namba 2700K ni nuru ya manjano, 4000K ni nyeupe ya wastani, 6500K ni nyeupe inayoelekea samawati. Wauzaji husifu ile ya mwisho kwa ukali wake, lakini wazee wengi huona inawachoma, na usiku huweza kuuchelewesha usingizi. Chagueni baina ya 2700K na 4000K, kisha nuru iongezwe kwa kuisogeza taa. Na umeme unapokatika, taa ya kuchaji yenye shingo ya kupinda, ikiwekwa dhiraa moja, hufaa kuliko kandili lililotundikwa mbali.

Mwangaza unapozidi, na maradhi ambayo taa haiyatibu

Nuru ina kikomo chake. Mzee akianza kukinga macho kwa kiganja, machozi yakimtoka, au akisema herufi zimepauka, taa imezidi au imekaa vibaya. Kwanza tengenezeni pembe na kofia, kisha ndipo mfikirie kuirudisha nyuma shubiri moja.

Ikiwa mateso hayo yanabaki kila taa inapowashwa, yawezekana ni mtoto wa jicho. Hapo lenzi imekuwa na utando, na kwa baadhi ya watu nuru kali huzidisha shida: mboni inapojifinya, humlazimisha mtu kutazama kupitia katikati ya lenzi, palipo na utando mzito. Mtu wa namna hii husoma vyema penye nuru ya wastani kuliko penye nuru kali. Tiba yake ni upasuaji, na miwani haiuondoi utando huo.

Mwenye kisukari asinunue miwani wakati sukari yake inapanda na kushuka, kwa kuwa lenzi ya jicho hubadilika pamoja nayo, na miwani ya leo haitamfaa mwezi ujao. Yeye anahitaji kuchunguzwa sehemu ya nyuma ya jicho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Na yapo mambo yasiyongoja: kuona kukipotea ghafla, kitu kama pazia kikishuka upande mmoja, mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, miali ya ghafla yenye vitone vyeusi vingi, au jicho likiwa jekundu na kuuma huku taa zikionekana na duara za rangi. Haya apelekwe nayo kliniki ya macho siku hiyohiyo.

Wala taa haiondoi haja ya kupimwa. Glakoma hula uwezo wa kuona pole pole pembeni, bila ya maumivu, na msomaji hodari anaweza kuwa nayo asijue. Mzee apimwe macho, naye daktari aelezwe anaposomea: chumba gani, umbali gani, na taa iko wapi. Namba ya miwani iliyopimwa kwenye chumba chenye nuru nyingi cha kliniki hutarajia nuru ya kutosha nyumbani pia.

Basi leo jioni, baada ya Magharibi, kaeni mahali pale mzee wenu anapoketi, muutazame ukurasa kutoka alipo yeye. Tafuteni kivuli kinatoka wapi na balbu iko umbali gani. Kisha mleteeni taa, muisogeze hatua kwa hatua, na mwacheni yeye mwenyewe aseme inapotosha, kwani macho yanayosoma ni yake.